Mafungu mawili ndani ya kodi ya ekari moja

Mfanyabiashara anayetafuta fremu ya duka Kariakoo, Dar es Salaam, mara nyingi hukutana na malipo ya aina mbili. Ya kwanza ni kodi ya kila mwezi, ile inayoandikwa kwenye mkataba na kwenda kwa mwenye nyumba. Ya pili huitwa kilemba, na kwa kawaida huishia mikononi mwa mpangaji anayeondoka. Mpangaji huyo anaweza kufungasha mzigo wake wote, akang'oa rafu na hata taa, akaacha kuta tupu na mlango wa chuma, na bado akadai kilemba chake na kukipata. Hakujenga nyumba ile, na ardhi si yake. Alichonacho ni funguo za mahali ambapo watu wengi wanapataka.

Wapo wanaokiona kilemba kama ulaghai wa mjini, na wapo wanaokichukulia kama desturi ya biashara. Kwa mchumi ni dalili. Kinaonyesha kwamba kodi iliyoandikwa kwenye mkataba ni ndogo kuliko kile ambacho mahali pale panaweza kulipiwa, na tofauti hiyo haipotei hewani. Lazima kuna mtu ataichukua, na asipoichukua mwenye nyumba, ataichukua aliyeshika funguo.

Tofauti ya namna hiyo ina jina katika elimu ya uchumi: pango la kiuchumi. Jina hilo linahitaji uangalifu, kwa sababu Kiswahili hutumia neno "kodi" kwa fedha anayopewa mwenye nyumba na pia kwa fedha inayokwenda serikalini. Hapa neno kodi litabaki kwa malipo yote ambayo mpangaji humpa mwenye mali. Kinachochukuliwa na serikali kitaitwa tozo. Pango la kiuchumi ni sehemu tu ya kodi. Pengine ni sehemu kubwa, pengine ndogo, na kwa baadhi ya wamiliki halipo kabisa. Sehemu inayobaki huitwa mapato ya uhamisho, na maana yake ni kile kiasi ambacho, kisipolipwa, mali hiyo itahamishiwa kazi nyingine.

Njia rahisi ya kuyaona mafungu haya mawili ni kuondoka mjini na kuingia shambani.

Katika Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, au Ruaha Mbuyuni kwenye barabara ya kwenda Iringa, vitunguu hulimwa kwa maji ya mfereji. Wengi wanaolima hawana ardhi yao wenyewe. Hukodi ekari moja, mbili au tano kwa msimu. Tuchukue bonde la mfano lenye sura kama hiyo. Tarakimu zake zimechaguliwa ili hesabu iwe nyepesi, lakini watu wake wanaishi kila mahali penye mfereji.

Juu kabisa mwa bonde hilo, penye mawe mengi, kuna mmiliki ambaye ardhi yake bila vitunguu isingemletea kitu zaidi ya malisho ya mbuzi. Ukimpa shilingi 50,000 hivi kwa ekari kwa msimu, atakuachia ulime. Chini kidogo yupo anayeweza kupanda mahindi na kubaki na faida ya shilingi 100,000 kwa ekari. Huyu hawezi kukubali 60,000, maana atakuwa amejipunja mwenyewe. Chini zaidi, kwenye udongo mweusi unaoshika unyevu, yupo ambaye mpunga wake humpa 150,000. Kila mmoja ana kiwango chake cha chini, na kiwango hicho hakitokani na roho nzuri au mbaya. Kinatokana na kazi nyingine iliyo bora zaidi ambayo ardhi yake ingeweza kufanya.

Sasa wapangwe wote kwa mstari, kuanzia anayekubali kidogo hadi anayetaka kingi. Kwenye karatasi, ekari zihesabiwe kwa kwenda kulia, na kodi ya ekari moja ihesabiwe kwa kupanda juu. Ekari ya kwanza inapatikana kwa karibu 50,000. Ya kumi inapatikana kwa 100,000. Ya ishirini kwa 150,000. Alama hizo zikiunganishwa, mstari unaanza chini kushoto na kupanda taratibu kwenda kulia, shilingi 5,000 kwa kila ekari inayoongezwa. Huo ndio mstari wa ugavi. Vitabu vingi huuchora bila kueleza kwa nini unapanda, na msomaji hubaki akiukariri. Unapanda kwa sababu kila ekari mpya inayoingia kwenye vitunguu inatolewa kwenye kazi yenye thamani zaidi kuliko ile ya ekari iliyotangulia.

Upande wa pili wako wakulima wanaotafuta shamba. Ekari zikiwa chache, wapo watakaolipa sana; zikiwa nyingi, wa mwisho kuingia ni yule mwenye mtaji mdogo au ujuzi mdogo, ambaye hawezi kulipa kikubwa. Mstari wao, yaani mstari wa mahitaji, unashuka. Katika bonde letu tuseme unaanzia shilingi 350,000 na kushuka kwa 10,000 kila ekari inapoongezeka. Mistari miwili inakutana kwenye ekari 20, kwa kodi ya shilingi 150,000.

Hapo ndipo jambo la kuvutia linapotokea. Kodi inakuwa moja kwa wote. Mkulima anayetafuta shamba haulizi mwenye shamba angekubali kiasi gani. Anauliza bonde lote linakodishwa bei gani. Mwenye mawe na mbuzi, ambaye angeridhika na 50,000, anapokea 150,000 kama wenzake. Laki moja nzima imemjia bila kuhitajika ili aachie shamba. Mwenye mahindi anapokea 150,000 ilhali angeliachia kwa 100,000, kwa hiyo ziada yake ni 50,000. Mwenye ekari ya ishirini, yule wa mpunga, hapati ziada yoyote: analipwa kile kile ambacho angekipata kwa kazi nyingine, na kodi ikishuka hata kidogo, atarudi kwenye mpunga wake.

Bonde lote, kwa hiyo, linakusanya ekari 20 mara 150,000, yaani shilingi milioni 3. Katika picha, fedha hizo ni mstatili. Mstari wa ugavi unaukata mstatili huo vipande viwili. Eneo lililo chini ya mstari ndilo mapato ya uhamisho: kiwango cha chini kinaanzia 50,000 na kuishia 150,000, wastani wake ni 100,000, ukizidisha kwa ekari 20 unapata milioni 2. Eneo lililo juu ya mstari na chini ya kodi inayolipwa ni pembetatu, na ndilo pango la kiuchumi: milioni 1.

Milioni 2 zilihitajika ili ardhi ibaki kwenye vitunguu. Milioni 1 haikuhitajika kwa kazi hiyo. Imelipwa kwa sababu bei ya soko hupangwa na mtu wa mwisho kuingia, na wote waliomtangulia hula kwa kivuli chake.

Ni kosa la kawaida kudhani kwamba mapato ya uhamisho ni gharama ambazo mmiliki ametumia. Mwenye mpunga hajatumia 150,000 kuitunza ekari ile. Pengine hakutumia hata senti. Kiwango chake ni kile anachokiacha. Ndiyo maana ekari mbili zinazofanana kwa udongo na maji zinaweza kuwa na mafungu tofauti, ikiwa mojawapo iko karibu na kinu cha mpunga na nyingine iko mahali ambapo mpunga hauwezi kubebwa.

Kisha inakuja barabara ya lami. Malori ya kutoka mijini yanafika hadi bondeni, bei ya vitunguu shambani inapanda, na wakulima wanaweza kulipa zaidi kwa kila ekari. Mstari wa mahitaji unanyanyuka mzima, sasa unaanzia 500,000 badala ya 350,000. Nini kitatokea kwa kodi? Jibu haliko kwenye barabara. Liko kwenye mfereji.

Mfereji ukiwa na maji ya kutosha, ardhi ya kando inaweza kuvutwa. Wamiliki ambao hawakuwa kwenye vitunguu, wenye miwa na migomba, wanaanza kukubali, kwa 155,000, kwa 160,000, na kuendelea. Mstari wa ugavi unaendelea kupanda kama mwanzo, na makutano mapya yanafika kwenye ekari 30 kwa kodi ya 200,000. Bonde linakusanya shilingi milioni 6. Mapato ya uhamisho sasa ni wastani wa 125,000 kwa ekari 30, yaani 3,750,000. Pango la kiuchumi ni 2,250,000. Ziada imekua, lakini pia ekari 10 mpya zimeingia kazini na vitunguu vimeongezeka sokoni.

Sasa tuseme mfereji unaishia kwenye ekari ya ishirini. Kuanzia hapo maji hayapandi tena. Ardhi ipo, lakini ni kavu. Mwenye ardhi hiyo kavu hata akiahidiwa laki tano, hana kitunguu cha kuotesha. Kwenye karatasi, mstari wa ugavi unapanda kama kawaida hadi ekari ya ishirini, kisha unasimama wima kama ukuta. Wakulima wenye hamu mpya wanagombania ekari zile zile 20, na kodi inapanda hadi mwenye mfuko mdogo aachie, nayo inakuwa 300,000.

Fedha zinazokusanywa ni ekari 20 mara 300,000. Ni milioni 6 zile zile. Mtu aliyesimama mbali, akiangalia jumla tu, ataona mabonde mawili yaliyofaidika sawa na barabara. Lakini katika bonde lenye ukuta, mapato ya uhamisho yamebaki milioni 2 kama yalivyokuwa kabla ya lami, kwa sababu hakuna ekari mpya iliyovutwa kutoka popote. Milioni 4 zilizobaki zote ni pango la kiuchumi. Hata mwenye mpunga, ambaye zamani hakuwa na ziada, sasa ana 150,000 juu ya kile ambacho kingembakisha.

Hii ndiyo maana halisi ya ardhi kuwa adimu. Kodi kubwa peke yake haiuthibitishi uadimu huo. Bonde lenye ardhi tele yenye kazi nyingine nzuri linaweza kuwa na kodi kubwa pia. Uadimu unaonekana pale bei inapopanda na kiasi kisipande. Kwa hiyo anayetaka kujua kama eneo fulani lina pango kubwa, hana haja ya kuanza na bei. Aangalie misimu mitatu au minne ambayo bei ya mazao ilipanda, aulize ekari ngapi ziliongezeka. Zikiongezeka nyingi, mstari umelala na sehemu kubwa ya kodi ni mapato ya uhamisho. Zisipoongezeka, mstari umesimama, na karibu kila shilingi iliyoongezwa ni pango.

Mabishano kuhusu jambo hili yaliwahi kutikisa Bunge la Uingereza. Wakati wa vita vya Napoleon bei ya ngano nchini humo ilipaa, na kodi za mashamba zikapaa nayo. Vita vilipokwisha, bei ikaporomoka, na mwaka 1815 Bunge, lililojaa wenye ardhi, likapitisha sheria iliyozuia ngano ya nje kuingia mpaka ya ndani ifike shilingi 80 kwa kota, kipimo cha nafaka cha Kiingereza. Mojawapo ya hoja zilizosikika ilikuwa hii: wakulima wanalipa kodi kubwa ya shamba, kwa hiyo wanahitaji bei kubwa ya ngano.

David Ricardo, aliyekuwa amepata utajiri wake kwenye soko la hisa la London, aliigeuza hoja hiyo kichwa chini. Katika andiko lake la 1815, na kwa ukamilifu zaidi katika kitabu chake cha 1817, alieleza kwamba ngano haipandi bei kwa sababu kodi ni kubwa. Kodi ni kubwa kwa sababu ngano imepanda bei. Bei ya ngano hupangwa kwenye shamba baya kuliko yote yanayolazimika kulimwa ili watu washibe, na shamba hilo halilipi pango. Mashamba mazuri hupata tofauti. Wamiliki wote wakisamehe kodi kesho, mkate hautashuka bei. Tofauti itahamia kwa mpangaji tu. Sheria ile ilidumu hadi 1846, miaka 23 baada ya Ricardo kufariki.

Kariakoo inaonyesha hilo waziwazi. Ingekuwa kodi ya fremu ndiyo inayopandisha bei ya bidhaa, basi kitenge au sufuria ya Kariakoo ingekuwa ghali kuliko ya duka la mtaani Mbagala, ambako kodi ni ndogo. Mambo ni kinyume. Wenye maduka ya Mbagala ndio wanaokwenda Kariakoo kununua kwa jumla, pamoja na wafanyabiashara wa kutoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro. Wateja hao wanaokutana mahali pamoja ndio wanaofanya fremu moja iweze kuuza mzigo mkubwa kwa faida ndogo kwa kila kipande, na ndio wanaoipa fremu hiyo bei yake. Kodi na kilemba vimefuata biashara.

Muuza duka atapinga, na ana haki ya kupinga. Kwake yeye kodi ni gharama kama umeme. Asipoilipa anafungiwa mlango, na bei zake lazima ziweze kuilipa. Yote mawili ni kweli, kwa sababu maswali ni mawili. Jibu la fungu gani ni pango na fungu gani ni mapato ya uhamisho hutegemea anayeuliza amesimama wapi. Ricardo aliitazama ardhi ya nchi nzima, tena kama ardhi yenye kazi moja tu, kulisha watu. Ukisimama hapo, ardhi haina pa kuhamia. Haikutengenezwa na mtu na haitaondoka, kwa hiyo kodi yote ya ardhi tupu ni pango. Mwaka 1933 mwanauchumi wa Cambridge, Joan Robinson, alilichambua jambo hili kwa kuitazama kila tasnia kivyake. Vitunguu vinashindana na mpunga kwa ekari ile ile, kwa hiyo kwa upande wa vitunguu sehemu ya kodi inahitajika kweli. Na kwa mkulima mmoja anayekodi ekari mbili kati ya ishirini, kiwango cha kuhama ni kodi nzima, maana jirani yuko tayari kuilipa kesho asubuhi.

Kwa hiyo hesabu ya bonde letu ilikuwa ya tasnia ya vitunguu. Anayeichukua na kuitumia kwa mpangaji mmoja, au kwa taifa zima, atapata jawabu lisilo sahihi hata kama kuzidisha kwake ni sahihi.

Faida ya kutenganisha mafungu inaonekana zaidi pale halmashauri inapofikiria tozo. Tuseme inaamua kutoza shilingi 150,000 kwa kila ekari inayokodishwa kwa vitunguu, na kumtaka mmiliki ndiye alipe.

Katika bonde lenye ukuta, mmiliki anapokea 300,000 na kubaki na 150,000. Je, atatoa shamba lake kwenye vitunguu? Hata yule wa mpunga, mwenye kiwango cha juu kuliko wote, bado anapata 150,000 yake. Ekari zote 20 zinabaki. Je, anaweza kumpandishia mpangaji? Hawezi, kwa sababu wapangaji walikuwa tayari wanalipa kiasi cha juu kabisa wanachoweza kwa ekari 20. Akidai 350,000, ataachiwa shamba. Halmashauri inapata milioni 3, vitunguu ni vile vile, na kodi ni ile ile. Mzigo wote umeangukia kwenye pango.

Katika bonde lenye maji tele, tozo hiyo hiyo inafanya kazi tofauti kabisa. Pale kodi ilikuwa 200,000 na mwenye ekari ya thelathini hakuwa na ziada hata ya shilingi moja. Anapokatwa 150,000 anaondoka, na wenzake wa karibu wanaondoka naye, kurudi kwenye miwa na migomba. Ekari zinapungua, wapangaji wanagombania zilizobaki, kodi inapanda. Mambo yanatulia kwenye ekari 20 kwa kodi ya 300,000. Mpangaji, ambaye hakutajwa kabisa kwenye sheria ndogo ya halmashauri, sasa analipa shilingi 100,000 zaidi kwa ekari, na ekari 10 za vitunguu zimetoweka.

Diwani asiyeujua mstari wa ugavi wa bonde lake hawezi kujua kati ya haya mawili lipi litatokea. Na hata kwenye bonde lenye ukuta kuna mpaka. Tozo ikiongezwa hadi 200,000, mwenye mpunga angebaki na 100,000, chini ya kiwango chake. Baadhi ya wamiliki wangehama, ekari zikabaki karibu 17, na kodi kwa mpangaji ikapanda hadi zaidi kidogo ya 330,000. Pango likiisha, tozo huanza kula mapato ya uhamisho, na ardhi huanza kutembea.

Kuna ugumu mwingine ambao karatasi haiuonyeshi. Katika bonde halisi, ekari haiji ikiwa tupu. Mtu amesawazisha udongo, ametengeneza majaruba, amechimba mtaro wa kuingiza maji, pengine ameweka pampu. Sehemu ya kodi ni malipo ya jasho na mtaji huo. Kwa msimu huu mmoja, malipo hayo yanafanana na pango, maana majaruba yameshatengenezwa na hayatahama hata kodi ikishuka. Alfred Marshall, katika kitabu chake cha 1890, aliliona hilo na akayaita pango la muda. Tofauti inajitokeza miaka inapopita: mmiliki asiyelipwa kwa majaruba yake hatayatengeneza tena yakibomoka, wala hatanunua pampu nyingine. Anayetoza fungu hilo kwa kudhani ni zawadi ya ardhi atashangaa, baada ya misimu michache, kuona bonde limejaa mashimo na magugu.

Tanzania imekuwa na historia ndefu ya kujaribu kutenganisha ardhi na jasho lililomwagwa juu yake. Mwalimu Julius Nyerere, katika andiko lake Mali ya Taifa la 1958, alishikilia kwamba ardhi ni zawadi ambayo hakuna binadamu aliyeitengeneza, na kwamba haki ya mtu iko kwenye kile alichokiongeza kwa kazi yake. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi wa kudumu, wa aina ya Kiingereza, ulifutwa kisheria na kugeuzwa kuwa wa muda maalumu. Kwa miaka mingi mtu aliyeondolewa kwenye ardhi alifidiwa maendelezo yake, yaani nyumba, miti, mazao, na ardhi yenyewe ikahesabiwa kuwa haina bei.

Mitaani, hata hivyo, viwanja viliuzwa, na bei zake zilitofautiana kulingana na barabara na soko, bila kujali kama juu yake palikuwa na msingi wa matofali machache au mnazi mmoja. Pango lilikuwepo, sheria ndiyo iliyokosa mahali pa kuliandika. Sheria ya Ardhi ya 1999 ilikubali kwamba haki juu ya ardhi ina thamani, na kwamba thamani hiyo izingatiwe katika miamala. Serikali nayo hutoza kila mwaka kodi ya pango la ardhi kwa wenye hatimiliki, kwa viwango vinavyozingatia matumizi na eneo la kiwanja.

Ukirudi Kariakoo na mstari ule mkononi, kilemba kinasomeka vizuri zaidi. Eneo lenyewe lilipata jina kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mitaa yake imebaki na upana ule ule wa zamani. Ghorofa zimepanda, fremu za chini zimegawanywa na kugawanywa tena, wengine wanauza kwenye ngazi na kwenye vibaraza. Huo ni mstari wa ugavi unaojikakamua kupanda badala ya kusimama wima: kila kona mpya inapatikana kwa gharama kubwa kuliko iliyotangulia. Lakini mlango unaotazama mtaa wenyewe, ule ambao mteja anaupita akishuka kwenye gari, hauongezeki. Kwa mlango huo mstari umesimama kama kwenye ekari ya ishirini, na ndiyo maana kilemba chake ni kikubwa kuliko cha ghorofa ya tatu ya jengo hilo hilo, ingawa saruji ya huko juu ni mpya zaidi na chumba ni kipana zaidi.

Mpangaji mpya anayelipa kilemba hicho, naye, hubadilika hesabu siku ile ile. Kwa aliyeondoka, fedha ile ilikuwa pango. Kwa aliyeingia imekuwa gharama, mtaji uliozama, pengine mkopo wa kurejeshwa kila mwezi. Kodi ya mkataba ikipandishwa hadi ifikie thamani ya mahali, yeye hatakuwa na ziada ya kukatwa, kwa kuwa ziada aliinunua kwa bei kamili kutoka kwa mtu ambaye sasa ana duka jingine mahali pengine, au amerudi kwao na kununua shamba.